Mlango wa Uani: Hotuba ya Upande wa Kupinga

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa majaji, mtunza muda, walimu wetu shikamooni, na ninyi wenzangu mliobanana madirishani: habari za mchana.

Mimi ni mzungumzaji wa pili wa upande wa kupinga. Hoja tuliyopewa inataka sheria izilazimishe huduma za ujumbe kuweka mlango wa siri ndani ya usimbaji wao, ili vyombo vya dola vikitaka kusoma, visome. Mwenzangu wa upande wa kuunga mkono amesema kwa sauti nzuri sana, nampongeza, kwamba mlango wenyewe ni mdogo na ufunguo atakaa nao mtu mwaminifu.

Twende Ngamiani. Nyumba zetu zina mlango wa mbele na mlango wa uani. Wa uani anaujua mwenye nyumba, anajua nani kaingia na nani katoka, na usiku anaweka komeo kwa mkono wake mwenyewe. Sasa fikiria seremala anaamriwa kwamba kila nyumba atakayojenga, kuanzia Barabara ya 1 hadi ya 21, aitoboe mlango wa tatu ambao mwenye nyumba haambiwi, na milango yote hiyo ifunguke kwa ufunguo mmoja. Mtasema mwizi hatajua. Mwizi gani huyo wa Tanga asiyejua?

Tuuangalie usimbaji wenyewe, maana tumeutaja sana bila kuueleza. Nikimwandikia dada yangu aliyeko Maskati, simu yangu inavuruga maneno kwa hesabu kabla hayajaondoka, na simu yake ndiyo inayoyarudisha. Kampuni iliyo katikati inabeba furushi lililofungwa. WhatsApp ilikamilisha kuwawekea hivyo watumiaji wake wote mwaka 2016, kwa njia iliyobuniwa na watu wa Signal, huduma nyingine ya ujumbe. (Kidato cha Pili huko nyuma, hii ndiyo hesabu mnayoikimbia.) Na uzuri wake ni kwamba ufunguo hubadilika kila ujumbe. Anayeiba ufunguo wa leo hapati maneno ya jana.

Mlango wa siri unakuja kinyume kabisa. Lazima uwepo ufunguo mkuu usiozeeka, umewekwa mahali, unafungua ya jana, ya leo na ya mwakani, yako na ya jirani yako. Ukiibiwa huo, hakuna kubadilisha kitasa cha nyumba moja. Mji mzima uko wazi.

Msione natunga. Ugiriki, mwaka 2004, mwaka wa Olimpiki ya Athene, mitambo ya kampuni moja ya simu ilikuwa na sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya kusikiliza simu kwa amri ya sheria. Wakaingia watu wasiojulikana, wakaiwasha kimyakimya, wakasikiliza simu zaidi ya 100 kwa miezi kadhaa. Miongoni mwa waliosikilizwa alikuwamo Waziri Mkuu mwenyewe, Kostas Karamanlis. Waheshimiwa majaji, naomba mlitafakari hilo: kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya serikali kilimsikiliza mkuu wa serikali.

Mtasema hiyo ni zamani. Basi njooni mwaka 2024. Marekani ina sheria tangu mwaka 1994 inayoyataka makampuni ya simu yaweke njia ya polisi kusikiliza wakiwa na amri ya mahakama. Wadukuzi ambao Marekani inasema wanatumwa na China waliingia kwenye makampuni hayo na kuifikia mitambo hiyo hiyo ya kusikilizia. Ilipofika Desemba mwaka huo, maofisa wa usalama wa Marekani wakawashauri wananchi watumie huduma za ujumbe zenye usimbaji. Upande wa kuunga mkono, mnataka tuanze safari ambayo wenzetu wanarudi nayo?

Tena Marekani walijaribu hata zaidi ya hapo. Mwaka 1993 walitoa kifaa cha kusimba simu ambacho nakala ya ufunguo wake ingehifadhiwa na serikali. Mwaka uliofuata mtafiti Matt Blaze akaonyesha kwamba mtu anaweza kukitumia kusimba huku akiizuia serikali isisome. Yaani mjanja anajifungia, mnyonge anabaki wazi. Mradi ule ukafa.

Sasa hoja yao nzito, ambayo siwezi kuipita kama siioni. Wamesema kuna wanaowarubuni watoto, kuna wauza unga, na pwani hii yetu ina bandari na majahazi. Ni kweli, na ni machungu. Lakini usimbaji haumfichi mhalifu kwa aliyetendewa. Mtoto aliyetumiwa ujumbe mchafu anao kwenye simu yake, unasomeka, na anaweza kumwonyesha mama yake na polisi. Polisi wanaweza kuikamata simu ya mtuhumiwa kwa utaratibu wa sheria. Wanaweza kumweka mtoa habari ndani ya kundi. Wanaweza kupata kwenye kampuni ya simu kumbukumbu za nani kampigia nani na saa ngapi. Ni kazi ngumu zaidi kuliko kukaa ofisini na ufunguo mkuu, nakubali.

Na kama kusoma kungetosha kumaliza uhalifu, nani humu ndani hajawahi kupata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Meseji ya kawaida, Mheshimiwa Mwenyekiti, haina usimbaji huu tunaoubishania. Inapita kwenye mitambo ya kampuni ikiwa uchi. Laini zenyewe tumezisajili kwa alama za vidole, tukapanga foleni juani. Na shangazi yangu, mweka hazina wa kikoba chao pale Barabara ya 12, aliipata juzi Jumanne, akiwa anapika.

Huyo shangazi ndiye ninayemtetea hapa. Hesabu za kikoba, majina ya wanaodaiwa, nani kakopa kwa ajili ya matibabu ambayo hata mumewe hayajui, vyote viko kwenye kundi lao. Katiba yetu, Ibara ya 16, inayapa hifadhi mawasiliano yake binafsi. Ndiyo, sheria inaweza kuweka utaratibu wa kuingilia, na sisi hatupingi amri ya mahakama dhidi ya mtu anayetuhumiwa. Tunapinga kutoboa nyumba ya asiyetuhumiwa kwa kuwa jirani anatuhumiwa.

Na mhalifu mwenyewe atakaa hapo akisubiri? Programu za usimbaji zipo ambazo msimbo wake uko wazi kwa dunia nzima. Yeyote anaupakua na kuutumia. Muuza unga atahama siku sheria ikitangazwa. Shangazi hatahama, kwa sababu kikoba kizima kiko kule.

Namalizia na swali, nalielekeza kwa mzungumzaji wa tatu wa upande wa kuunga mkono, na naomba alijibu akiwa amesimama hapa, asilikwepe. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Huduma hizi zinatumika karibu dunia nzima. Tanzania ikidai ufunguo, Omani nayo itadai, Kenya itadai, na kila nchi anayopitia dada yangu itadai. Nitajie: mtungi huu mmoja utakuwa na kata ngapi, na ya Tanga atakaa nayo nani, kwa jina la cheo chake, na akistaafu anaikabidhi wapi?

Naomba kupinga hoja.