Hati ya Malipo ya Awamu Na. 4: Ghala la Korosho na Ofisi, Mikindani, Mtwara

Tarehe: 14 Agosti 2025
Kwa: Mwajiri
Nakala: Mkandarasi, Msanifu Majengo

Kufuatia maombi ya Mkandarasi ya tarehe 4 Agosti na vipimo vilivyochukuliwa kwa pamoja eneo la kazi tarehe 7 Agosti, nathibitisha kuwa Mkandarasi anastahili kulipwa kama ifuatavyo (shilingi za Tanzania):

Kazi zilizofanyika hadi sasa: 318,600,000
Vifaa vilivyopo eneo la kazi: 18,400,000
Jumla: 337,000,000
Toa fedha za zuio, asilimia 10: 33,700,000
Baki: 303,300,000
Toa zilizoidhinishwa, Hati Na. 1 hadi 3: 214,650,000
Kiasi cha hati hii: 88,650,000
Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18: 15,957,000
Jumla ya kulipwa: 104,607,000

Mkandarasi aliomba 341,250,000 kwa kazi. Zimepunguzwa 22,650,000. Ringi bimu imedaiwa yote ilhali zege limemwagwa pande mbili tu. Upande wa barabarani bado ni nondo na mbao (9,800,000). Lipu imedaiwa mita za mraba 640, nimekubali 410. Ukuta wa magharibi ukigongwa unatoa sauti ya utupu, na mafundi wenyewe walikuwepo wakasikia. Mita 230 kwa 15,000 ni 3,450,000. Ibanduliwe ipigwe upya. Kina cha ziada cha msingi (9,400,000) kilichimbwa kweli, sibishi, ila maelekezo yalikuwa ya mdomo. Msanifu akiyathibitisha kwa maandishi, nitayaingiza Hati Na. 5.

Kwenye vifaa, mabati ya 5,600,000 yameondolewa kwa kuwa bado yako Dar es Salaam. Risiti ya duka haiyafanyi kuwa yamefika Mikindani.

Kuhusu ankara: Mkandarasi alikwishaleta ankara ya 134,608,500, yaani hesabu ya maombi yake mwenyewe. Inarudishwa. Aifute, kisha atoe mpya isiyotangulia tarehe ya hati hii, itaje Hati Na. 4, ioneshe 88,650,000 na kodi 15,957,000 kwa mistari tofauti, na iambatane na nakala ya hati. Risiti ya EFD nayo isome kiasi hicho hicho. Mhasibu wa Mwajiri akikuta tofauti hata ya shilingi mia atairudisha, na ni haki yake.

Siku 28 za malipo chini ya mkataba zinahesabiwa tangu Mwajiri apokee hati hii. Asiyekubaliana na makato alete vipimo vyake kabla ya tathmini ijayo, asivipachike kwenye ankara.

Hati hii ni ya malipo ya muda. Haimaanishi kazi yoyote imepokelewa, na kiasi chochote humu chaweza kurekebishwa katika hati zitakazofuata.

Imesainiwa na kugongwa muhuri:
Msimamizi wa Mradi
Vipimo vimehakikiwa na: Mkadiriaji Majenzi