Ripoti ya ukaguzi wa nyumba ya Kiponda, Mji Mkongwe, kabla ya ukarabati

Kwa warithi wa nyumba
Zanzibar, 24 Machi 2025

Ndugu warithi, assalamu alaykum.

Mlinipa kazi ya kuiangalia nyumba ya marehemu babu yenu kabla fundi hajaingia na nyundo. Nimeikagua kwa siku nne, tarehe 10 hadi 13 Februari, wakati wa kaskazi na kila kitu kikavu, kisha nikarudi tarehe 18 Machi, asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku. Asubuhi ile moja imenionesha mengi kuliko siku nne za mwanzo.

Nianze na mnalolisubiri. Nyumba ni nzima ya kutosha kukarabatiwa, na hakuna ukuta hata mmoja wa kubomoa. Makadirio mliyoletewa mwaka jana, ya kung'oa sakafu zote za juu na kumwaga zege la nondo, nawaomba msiyakubali. Kinachoiumiza nyumba hii ni maji, nayo yana sababu tatu: mlizamu uliokatika upande wa kaskazini, bomba la choo cha ghorofa ya kwanza, na lipu ya saruji iliyopigwa kuzunguka ua, ambayo inayafungia ukutani maji yaliyokwisha kuingia. Hayo yakitengenezwa, kazi inayobaki ni ndogo kuliko mnavyodhani.

Lisilongoja

Juu ya chumba cha kaskazini, ghorofa ya pili, limekaa tenki la lita 2,000. Likijaa ni zaidi ya tani mbili, na limewekwa juu ya dari yenye boriti 11 ambazo 4 kati yake zimeoza vichwa pale zinapoingia ukutani. Tenki limwagwe leo hii na lishushwe uani wiki hii. Shangazi yenu ahamie chumba cha mashariki mpaka dari ishikiliwe kwa nguzo na jeki, zikisimama juu ya mbao nene zinazogawa uzito kwenye sakafu ya chini, bila kutoboa kitu. Sote tunaikumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka huku kazi ya ukarabati ikiendelea, na roho zikapotea. Nyumba ya mawe na chokaa hushikiliwa kwanza, ndipo ikaguswa.

Nyumba yenyewe

Ni nyumba ya ua, chini na ghorofa mbili, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Unene wa ukuta chini ni sentimita 55 hadi 70, juu ni 45. Hakuna chumba kinachozidi mita 2.8 kwa upana, kwa sababu boriti za mikoko ndizo zilizoamua: chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti unaokivuka. Ndiyo maana nakataa pia wazo la kuunganisha vyumba viwili vya mbele kuwa sebule moja. Ukuta wa katikati ndio unaobeba vichwa vya boriti za pande zote mbili.

Mlangoni umechongwa mwaka 1304 wa Hijria, yaani 1886 au 1887, enzi za Sultani Barghash. Familia imezoea kusema huo ndio umri wa nyumba. Mimi naandika kuwa ni umri wa mlango tu, maana milango ya mji huu imekuwa ikihama nyumba hadi nyumba. Hata hivyo lipu ya chokaa inafika mpaka kwenye miimo bila kiraka wala mshono, dalili nzuri kwamba mlango na ukuta vimekaa pamoja muda mrefu sana.

Vitu vya kulindwa kabla ya vyote

Mlango ndio wa kwanza. Ni wa msaji, mbao mbili zenye njumu za shaba, mfaa katikati, na nakshi ya maua na mnyororo ukingoni. Njumu 3 zimepotea, na hazina dhara. Mwimo wa kulia umeoza sentimita 14 za chini, na kuna mtu aliwahi kuujaza saruji, ambayo imeshika maji na kuuozesha zaidi. Saruji hiyo itolewe kwa patasi ndogo kwa mkono, mbao iliyooza ikatwe mpaka ifike penye uzima tu, kisha kiungwe kipande cha msaji. Kipande kipya kiachwe bila kuchongwa nakshi: pale chini mchoro umeshakwisha, na kuubuni upya ni kusema uongo juu ya kazi ya mchongaji. Nyuma yake ichongwe 2025. Mlango usipigwe msasa wa mashine na usipakwe vanishi. Wakati wote wa kazi ufunikwe kwa mbao zilizoachanishwa nao ili upumue.

Pili ni ukuta wa zidaka katika chumba cha mashariki, ghorofa ya kwanza. Nilifungua dirisha dogo la sentimita 2 kwa 2 pembeni mwa kidaka kimoja, kwa kisu chembamba, nikahesabu matabaka 9 ya chokaa. La chini kabisa ni jeupe, la nne ni buluu hafifu. Sikufungua jingine. Rangi zilizobaki zikae zilipo, na chokaa mpya ipakwe juu yake. Matabaka hayo yakikwanguliwa ili "kufikia asili", historia yote ya chumba itazolewa kwa pauro.

Tatu, na hiki mimi mwenyewe sikukitegemea: nyuma ya rafu ya duka la mbele, futi nne kutoka sakafuni, kuna mistari ya penseli kwa hati za Kiarabu. Ni hesabu, safu mbili za tarakimu na neno frasila limerudiwa mara sita. Shangazi yenu alipoletewa picha alinyamaza kidogo, kisha akasema marehemu baba yake alikuwa akipima karafuu hapo. Eneo hilo ni sentimita 40 kwa 65. Lisioshwe, lisipigwe chokaa, lisigundishwe kitu. Rafu irudishwe mbele yake, ikiachwa nafasi ya vidole viwili.

Ua, ngazi ya mawe na baraza la nje navyo ni vya thamani ya juu. Vigae vya jikoni, ukuta wa matofali ya saruji uani na dari ya mbao bandia ya ghorofa ya kwanza havina thamani ya urithi na vinaweza kuondolewa, kwa taratibu, kwani hatujui vimeficha nini.

Boriti

Nyumba ina boriti 168. Zote zimepewa namba, kila moja imepigwapigwa kwa nyundo ya mbao na kuchomwa bisibisi nyembamba kwenye vichwa, pale tu palipokuwa pamekwisha pasuka. Boriti 131 ni nzima. 23 zina ugonjwa wa juujuu, yaani mchwa wa zamani au kuoza kusikofika sentimita 1, nazo zinabaki. 14 ndizo zilizopoteza kichwa. Kati ya hizo, 9 ziko chini ya choo au ukuta wa mlizamu, yaani hazikuuliwa na umri.

Boriti iliyooza kichwa si lazima itolewe. Kwa hizi 14 napendekeza boriti mpya ya mkoko iliyokaushwa ilazwe ubavuni mwa ile ya zamani, na ya zamani iachwe ilipo. Kuichomoa ni kuvunja ukuta pande zote mbili na kuitikisa sakafu ya chokaa iliyo juu. Boriti moja, namba 77, ilikatwa nusu unene kupitisha bomba la umeme. Aliyeikata simtaji, ila nyaya mpya zipite juu ya uso wa ukuta, kwenye mabomba yaliyofungwa kwa skrubu katika viungo vya chokaa. Asichimbe mtu mfereji ukutani.

Kuta, chumvi na nyufa

Lipu ya saruji uani imepanda mita 1.2. Unyevu umepanda mpaka mita 1.9, umeiruka na kutokea juu yake. Kipima unyevu kwenye jiwe lenye chumvi husoma zaidi ya ukweli, kwa hiyo namba zake nimezitumia kulinganisha sehemu na sehemu tu. Ushahidi ulijileta wenyewe: tarehe 18 Machi pande la lipu, ukubwa wa sinia, lilikuwa limeanguka. Nyuma yake chumvi ilikuwa nyeupe kama unga wa sembe, na chokaa ya viungo ikamiminika kiganjani nilipoigusa kwa kidole. Saruji ilikuwa ngumu bado. Ukuta ndio uliokuwa ukifa nyuma yake.

Saruji yote ya uani itolewe, kuanzia ilipokwisha kuachana na ukuta, kwa nyundo ndogo na patasi, bila mashine. Kisha ukuta uachwe wazi upumue mpaka kaskazi ijayo, chumvi ikipigwa brashi kavu kila wiki. Najua miezi hiyo itawachosha. Lipu ya chokaa ikipigwa juu ya ukuta mbichi wenye chumvi, mtaipiga tena.

Nyufa 7 zimechorwa. Juu ya 3 niliweka tarehe 10 Februari alama za jasi, ambazo hupasuka ufa ukiendelea kufunguka. Mbili hazijapasuka. Ya kona ya kaskazini, ufa wa milimita 11, imepasuka, na nilipomwaga maji yenye rangi chooni yalitokea kwenye ufa huo baada ya dakika 25. Bomba litengenezwe kwanza, ufa uangaliwe miezi mitatu. Vyuma vya kuufunga visiingizwe kabla ya hapo.

Nisivyoviona

Msingi sikuuchimba, na chini ya vigae vya jikoni sikuangalia. Ndani ya dari bandia nilipitisha kamera ya waya kupitia tundu la taa lililokuwapo. Sikutoboa ukuta kuchukua sampuli. Vipande vya chokaa nilivyopeleka kuchunguzwa mchanganyiko wake ni vile vilivyokwisha kuanguka. Iwapo ufa wa kaskazini utaendelea baada ya bomba kupona, ndipo lichimbwe shimo moja la sentimita 60 kwa 60 uani, akiwepo mtaalamu wa mambo ya kale.

Kumbukumbu na kibali

Nimewaachia picha 214, ramani za kila ghorofa kwa kipimo cha 1:50, mchoro wa mlango kwa 1:10 na daftari la boriti. Nakala moja ipelekwe Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe pamoja na maombi ya kibali. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hakuna kazi ya kuanza kabla kibali hakijatoka, isipokuwa kushikilia dari na kumwaga tenki, ambayo nimewaandikia barua ya dharura.

Chochote kitakachotolewa, hata msumari, kiwekwe katika makasha matano niliyoyaacha chumba cha chini, kikiandikwa namba ya chumba kilikotoka. Ufunguo anao shangazi yenu. Nitarudi tarehe 14 Aprili kuangalia alama za jasi.