NOTISI YA MADAI YA MATUNZO YA MKE NA WATOTO KABLA YA KUFUNGUA SHAURI MAHAKAMANI

Kutoka kwa:
Mwajuma Selemani Mloka,
Kata ya Kihonda,
Manispaa ya Morogoro.

16 Juni 2025

Kwenda kwa:
Bw. Hamisi Rajabu Kibwana,
Mafinga, Wilaya ya Mufindi,
Mkoa wa Iringa.

Inakabidhiwa kwa mkono na kaka yako, Bw. Abdallah Rajabu Kibwana.

YAH: KUSHINDWA KWAKO KUTOA MATUNZO TANGU NOVEMBA 2024 NA KUSUDIO LANGU LA KWENDA MAHAKAMANI

Mume wangu, Baba Zuhura,

Mimi ni mke wako wa ndoa, tuliyofunga kwa taratibu za dini ya Kiislamu hapa Morogoro tarehe 14 Agosti 2010 na kupewa cheti, ambacho ninacho. Ndoa hiyo haijavunjwa kwa talaka wala kwa amri ya mahakama, na hatujawahi kuandikiana makubaliano yoyote ya kutengana. Tumejaliwa watoto watatu, nao ni Zuhura mwenye umri wa miaka 14 aliye Kidato cha Pili, Idrisa mwenye miaka 10 aliye Darasa la Nne, na Sharifa mwenye miaka 3. Wote watatu wanaishi nami katika nyumba yetu ya Kihonda.

Ulipohamishia biashara yako ya mbao Mafinga mwaka 2022 tulikubaliana, mbele ya kaka yako, kwamba mimi nitabaki na watoto kwa sababu ya shule, nawe utatuma shilingi 450,000 kila mwezi kwa ajili ya matumizi ya nyumbani. Kiasi hicho ulikitaja wewe mwenyewe baada ya kupiga hesabu ya mapato yako. Ninakiri kwa moyo mmoja kwamba ulikitimiza bila kukumbushwa hadi Oktoba 2024, na sitaki notisi hii isomwe kama kwamba hukuwahi kuwa baba wa watoto hawa.

Kuanzia Novemba 2024 hali ilibadilika. Katika kipindi cha miezi saba kilichoishia Mei 2025, umetuma shilingi 100,000 mwezi Desemba na shilingi 60,000 mwezi Februari, na baada ya hapo hukutuma chochote. Ulichopaswa kutuma kwa miezi hiyo ni shilingi 3,150,000. Nikitoa hizo 160,000 nilizozipokea, zinabaki shilingi 2,990,000. Kumbukumbu za miamala ya simu za kipindi chote hicho, pamoja na za miaka ya nyuma ulipokuwa ukituma kikamilifu, nimezichapisha na kuzihifadhi.

Mwezi Aprili Sharifa alilazwa hospitali kwa nimonia. Nilikupigia simu usiku ule ule na kukutumia ujumbe, ukajibu kwamba utaangalia, lakini hukutuma fedha wala hukupiga tena kuuliza hali ya mtoto. Gharama za vipimo, dawa na kitanda zilikuwa shilingi 145,000, ambazo nilizikopa katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa na ninaendelea kuzirejesha kwa riba. Stakabadhi zote ninazo. Kiasi hicho nakiongeza katika madai yangu, na hivyo jumla ya ninachokudai hadi mwisho wa Mei 2025 ni shilingi 3,135,000. Liko pia deni la duka la shilingi 380,000, ambalo sikuliingiza katika jumla hiyo kwa kuwa ni la unga, mchele na mafuta ya miezi ile ile ninayoidai, na sikusudii kukudai kitu kimoja mara mbili.

Naomba uelewe fedha hizi zinakwenda wapi, kwa sababu mwezi Machi uliniambia kwenye simu kwamba nina cherehani, nijilishe mwenyewe. Chakula cha watu wanne, kwa bei za sokoni za sasa, hakipungui shilingi 300,000 kwa mwezi. Ni kweli watoto wanasoma shule za serikali na hawalipi ada, lakini nauli ya Zuhura, mchango wa chakula cha mchana shuleni kwa wote wawili, madaftari na masomo ya ziada ya kujiandaa na mitihani yao ya upimaji wa kitaifa ya mwaka huu ni kama shilingi 70,000. Umeme, maji na mkaa ni shilingi 60,000, matibabu madogo madogo 40,000, na nguo, sabuni na mahitaji mengine 30,000. Hizo ni shilingi 500,000. Cherehani hunipatia wastani wa shilingi 150,000 kwa mwezi, kukiwa na sikukuu au kufunguliwa kwa shule zikazidi kidogo. Sijawahi kuficha kipato hicho, na sitakificha mahakamani. Tangu uliposimamisha matumizi chote kimekwisha kwenye chakula, na hakikutosha: Zuhura amerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa chakula, na Idrisa anakwenda shule na viatu vilivyopasuka.

Wewe kwa upande wako una ghala la mbao Mafinga, una lori aina ya Fuso linaloleta mzigo Morogoro na Dar es Salaam, na una mafundi unaowalipa ujira. Hujaniambia hata mara moja kwamba biashara imekufa. Ungeniambia hivyo tungekaa tukatazama upya kiasi, kwa maana sikuolewa nawe kwa ajili ya siku za neema peke yake. Ulichoniambia, kwanza kwa simu na baadaye kupitia kwa kaka yako, ni kwamba umeoa mke mwingine na majukumu yamekuwa mengi. Sikuandika notisi hii kugombana nawe juu ya ndoa hiyo wala juu ya dada huyo, ambaye sina neno naye. Ninachosema ni kwamba sheria, pale inapomtaka mume amtunze mke wake, imewataja wake zake wote kama ana zaidi ya mmoja, na wala haikusema kwamba akija wa pili wa kwanza na watoto wake waachwe. Dini iliyotufungisha ndoa nayo imekutaka uwe muadilifu baina yetu, na hilo unalijua kuliko mimi.

Vilevile nimeletewa salamu kwamba utarudisha matumizi nikikukabidhi hati ya kiwanja cha nyumba hii. Jibu langu ni hapana. Chakula cha watoto si bei ya kununulia hati, na nyumba hii ndiyo makazi ya familia, ambayo kwa mujibu wa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa haiwezi kuuzwa, kupangishwa wala kuwekwa rehani na mmoja wetu bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Ridhaa hiyo sijaitoa na sitaitoa.

Kwa upande wa sheria, kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa, Sura ya 29 ya Sheria za Tanzania, kinamwekea kila mume wajibu wa kumpatia mke wake makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo na hali yake ya maisha. Kifungu cha 129 kinamtaka baba awatunze watoto wake ambao hawajafikia utu uzima, pamoja na kuwasomesha, hata kama wanaishi na mtu mwingine. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinasisitiza wajibu huo wa mzazi katika chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mume anapokataa au kupuuza wajibu wake, kifungu cha 115 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kumwamuru alipe, na katika kupanga kiasi mahakama hutazama zaidi uwezo na mahitaji ya pande zote mbili. Ndiyo maana nimeyaandika hapa mahitaji yetu na kipato changu waziwazi.

Nimefika kwenye hatua hii baada ya kupita njia nyingine. Mwezi Januari tulikaa kikao cha familia Msamvu, nyumbani kwa kaka yako, ukaahidi mbele ya wazee kulipa malimbikizo kabla ya mwezi wa Ramadhani, lakini ahadi hiyo hukuitimiza. Mwezi Mei afisa ustawi wa jamii alikuandikia wito wa kufika tuzungumze, nao hukuuitikia.

Kwa hiyo, kwa notisi hii, ninakutaka ndani ya siku 21 tangu utakapoipokea unilipe shilingi 1,135,000 kama sehemu ya kwanza ya malimbikizo, pamoja na shilingi 450,000 za matumizi ya Juni 2025, jumla yake ikiwa shilingi 1,585,000. Shilingi 2,000,000 zitakazobaki niko tayari kuzipokea kwa awamu nne za shilingi 500,000 kila mwisho wa mwezi, kuanzia Julai hadi Oktoba 2025, kwa kuwa najua biashara inahitaji mtaji wa kuzunguka. Matumizi ya kila mwezi ya shilingi 450,000 yaendelee kuanzia Julai, yawe yamefika ifikapo tarehe 5 ya mwezi husika, kupitia namba ile ile ya simu uliyokuwa ukiitumia miaka yote. Upungufu kati ya kiasi hicho na mahitaji niliyoyataja nitauziba mimi kwa kazi yangu. Kama kwa sababu za kweli huwezi kiasi hiki, niandikie ndani ya muda huo huo ukieleza mapato yako na kiasi unachokiweza, nami nitakujibu kwa maandishi.

Siku hizo zikipita bila malipo wala jibu, nitafungua shauri katika Mahakama ya Wilaya ya Morogoro bila kukupa taarifa nyingine. Nitaiomba mahakama ikuamuru kunitunza mimi na watoto, ikuamuru kulipa malimbikizo yote kwa mkupuo pamoja na gharama za shauri, na itoe amri ya matunzo ya muda wakati shauri likisikilizwa. Nitawasilisha cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kumbukumbu za miamala, jumbe zako za simu, stakabadhi za hospitali na nakala ya notisi hii, na nitawaita mashahidi waliokuwepo kwenye kikao cha Msamvu.

Ninaweka wazi kwamba siombi talaka. Shauri nitakalofungua ni la matunzo tu, na kupokea fedha hizi hakutakuwa na maana kwamba nimeachia haki yangu nyingine yoyote iliyotokana na ndoa yetu. Mlango wa kuja kuwaona watoto uko wazi siku yoyote, uwe umelipa au hujalipa. Sharifa anakuulizia.

Tafadhali saini nakala ya pili ya notisi hii, uandike tarehe uliyoipokea, na umrudishie kaka yako.

Mkeo,

Mwajuma Selemani Mloka
(Mama Zuhura)

Nakala kwa:
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Kihonda
Afisa Ustawi wa Jamii, Manispaa ya Morogoro