Mwaliko wa kuzungumza kwenye kongamano la wakulima wa mwani, Chake Chake

Kamati ya Maandalizi
Chake Chake, Pemba
3 Agosti 2026

Kwa Mwenyekiti wa kikundi cha mwani,
Jambiani, Unguja

KUH: MWALIKO WA KUWASILISHA MADA, JUMAMOSI 19 SEPTEMBA 2026

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Mama yetu. Shikamoo.

Kamati imekubaliana kwa kauli moja kukuomba uwe mgeni mzungumzaji katika kikao cha kwanza cha kongamano letu, katika ukumbi wa Makonyo, Wawi. Kikao ni cha dakika 45, kuanzia saa 4:00 hadi saa 4:45 asubuhi. Dakika 25 za mwanzo ni zako, na 20 zilizobaki ni za maswali, nayo hayatakosekana, maana Wapemba unawajua.

Siku hiyo hatukuiokota tu kwenye kalenda. Mwezi utakuwa wa siku ya saba au ya nane, maji mafu, na hakuna atakayelazimika kuchagua baina ya ukumbi na shamba lake. Kongamano lililopita lilipangwa katikati ya bamvua. Tulizungumza na viti, wakulima wenyewe wako baharini.

Mada tunayokuomba ni hii: kotoni imetushinda pwani, tuifuate kwenye maji ya kina au tubaki na spinosamu? Nyinyi Jambiani na jirani zenu wa Paje mliuanza mwani wa biashara mwaka 1989, huku tukafuata, na leo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Lakini maji ya pwani yamekuwa ya moto, kotoni inakufa, na spinosamu inayovumilia ndiyo yenye bei ya chini. Wataalamu watatueleza joto na maradhi. Wewe tunataka utueleze kazi yenyewe: dau linapatikanaje, asiyejua kuogelea anafanyaje, na hesabu ya mwisho inalipa au hailipi. Kama hailipi, sema hivyohivyo.

Nilipokuja kwenu mwaka jana ulinyanyua kamba moja, ukanionyesha kitawi cha kotoni kilichogeuka cheupe karibu na tai-tai. Ulikigusa tu kwa kidole, kikakatika na kuanguka majini, na kamba ikabaki na fundo tupu. Hukusema neno, ukahamia kamba ya pili. Nimeshakaa kwenye mawasilisho mengi yenye michoro, na hakuna lililonikaa kama lile. Kwa hivyo usihangaike na slaidi, wala hotuba ya kuandika. Meza, kamba, tai-tai na vigingi utavikuta. Ila mwani mbichi tafadhali usije nao, tusije tukavusha maradhi kutoka kisiwa kimoja hadi chengine. Wenzetu wa Tumbe wataleta wa hapahapa.

Sasa malipo, na hili naliandika wazi kwa sababu najua wapo waliowahi kualikwa mahala wakarudi kwao na ahadi. Ada yako ni shilingi 400,000, na hizo ni za kufika mkononi. Kodi yoyote inayohusika ni juu ya kamati. Shilingi 200,000 utatumiwa kwa simu mara tu ukikubali, na 200,000 nyengine utakabidhiwa palepale ukumbini kikao kikimalizika. Mbali na ada, tutalipia gari ya kutoka Jambiani hadi bandarini mjini, boti ya kwenda na kurudi, malazi ya siku mbili pamoja na chakula, yako na ya mtu mmoja wa kukusindikiza, awe mwanao au yeyote umtakaye. Utavuka Ijumaa tarehe 18, na gari yetu itakusubiri Mkoani. Kurudi ni Jumapili.

Tungependa kukurekodi sauti ili wasiofika wapate kusikiliza. Usipopenda, haturekodi, na ada haipungui.

Tunaomba jibu lako kabla ya kumalizika siku ya Alhamisi, 20 Agosti 2026. Baada ya hapo watu wote watakuwa kwenye shughuli za Maulidi, na ratiba lazima iende kwa mpiga chapa mapema. Huna haja ya kuandika barua: nipigie au nitumie ujumbe kwa namba ileile niliyokupigia wiki iliyopita. Ukiwa na udhuru, niambie vilevile, na ukinitajia mwenzako wa kikundi anayeweza kusimama mahala pako nitashukuru.

Nisalimie wote hapo nyumbani, khasa yule mjukuu aliyenishinda kufunga fundo la tai-tai.

Wabillahi tawfiq.

Katibu,
Kamati ya Maandalizi