Tangazo la saluni, Kondele: kabla na baada

Tengeneza video ya wima, 9:16, sekunde 10. Kamera imefungwa kwenye stendi, haisogei wala kuvuta karibu hata kidogo. Ndani ya saluni ya Kondele, Kisumu, mchana. Mwanga laini wa dirisha kutoka kushoto, ukuta wa krimu. Usiweke kioo nyuma, kitaonyesha mtindo usiolingana na kichwa.

Sekunde 0–4: mwanamke wa miaka thelathini hivi, ngozi nyeusi, ameketi kiti cha saluni, uso robo kushoto. Rasta za zamani zimefumuliwa sasa hivi: nywele kavu, zimejikunja, ncha zimesimama, uchafu mweupe kidogo kwenye mizizi. Asionekane mwenye huzuni. Ni nywele tu.

Sekunde 4–5: mstari mmoja wima, mwembamba, mweupe, unafuta picha kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo sawa. Ukingo mkali, bila ukungu, mng'ao wala mzunguko. Macho, mabega na kiti vibaki palepale, la sivyo uso utaruka mstari ukipita.

Sekunde 5–10: mwanamke yuleyule, rasta za kati zisizo na fundo kwenye mizizi, hadi kiunoni, mistari ya kichwani imenyooka, nywele za kipaji zimelazwa kwa jeli. Mwanga na rangi ya ngozi visibadilike: akionekana mweupe zaidi, watu watadhani tunauza mkorogo. Tabasamu dogo.

Maandishi, sekunde 7, chini: “Rasta hadi kiunoni. Kondele, Jumatatu–Jumamosi.”