Yah: Ombi la kupitia upya alama za swali la 3(b) na 3(d), bei ya hatifungani

Shikamoo Daktari,

Naomba uangalie tena alama za swali la 3 kwenye mtihani wa Masoko ya Fedha na Uwekezaji. Sehemu (a) na (c) sina hoja nazo. Katika (b) nimepata 3 kati ya 8, na katika (d) 0 kati ya 4.

Swali linasema hatifungani ni ya miaka 5, kuponi ni 9% kwa mwaka inayolipwa mara mbili kwa mwaka, na faida hadi kuiva ni 12% kwa mwaka. Bei itolewe kwa kila Sh 100 za thamani ya uso. Kwa kuwa malipo ni ya kila miezi 6, nilitumia vipindi 10, kuponi ya 4.50 na kiwango cha 6% kwa kipindi:

```
P = 4.50 × [1 − 1.06^(−10)] / 0.06 + 100 × 1.06^(−10)
  = 33.12 + 55.84
  = 88.96
```

Pembeni mwa jibu langu imeandikwa 89.19. Namba hiyo naipata tu nikichukua kuponi moja ya 9 kila mwisho wa mwaka, vipindi 5 kwa 12%: 32.443 + 56.743 = 89.186. Huenda mwongozo wa usahihishaji uliandaliwa kabla maneno "mara mbili kwa mwaka" hayajaongezwa kwenye swali. Hatifungani za Serikali yetu nazo hulipa kuponi kila nusu mwaka, na ndivyo tulivyokokotoa darasani.

Nimefikiria pia uwezekano kwamba 12% ilikusudiwa kuwa kiwango halisi cha mwaka, riba juu ya riba ikiwa imeshahesabiwa. Hapo kiwango cha miezi 6 ni 5.83%, si 6%, na bei inakuwa 90.13. Kwa hiyo maadamu kuponi inalipwa mara mbili, tafsiri zote mbili hazitoi 89.19. Swali halikutaja kiwango halisi, ndiyo maana niligawa 12% kwa 2 kama ilivyo desturi ya soko.

Sehemu (d) iliuliza gharama ya kununua hatifungani hiyo yenye thamani ya uso ya Sh 50,000,000. Nilizidisha kwa 0.8896 nikapata Sh 44,480,000. Kwa bei ya mwongozo ingekuwa Sh 44,595,000. Tofauti ya Sh 115,000 imetokana na (b) peke yake. Hata ukiona jibu langu la (b) lisimame kama lilivyosahihishwa, naomba alama za njia katika (d), maana hatua zote zimeonyeshwa.

Nimeambatanisha picha za kurasa mbili za kijitabu changu cha majibu. Nimeona nianze kwako kabla ya kujaza fomu ya rufaa ya idara. Nikihitajika ofisini, nina nafasi Jumanne na Alhamisi baada ya saa 8 mchana.

Wako mtiifu,
Neema
Shahada ya Uhasibu na Fedha, mwaka wa tatu