Kwa Nini Anga la Tukuyu Ni la Samawati?

Maandishi ya video ya dakika nne, kwa wanafunzi wa darasa la sita
Wanaozungumza: SHANGAZI, mwalimu wa sayansi; na ATUPELE, miaka 12

ONYESHO LA 1. Nje ya jiko la kuni, saa nne asubuhi. Ukungu unaachia migomba, na juu kimetokea kipande cha anga safi. Shangazi anapeta maharage kwenye ungo.

ATUPELE: Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Mbona umekodoa macho juu hivyo?

ATUPELE: Naangalia anga. Wenzangu wanasema ni la bluu kwa sababu linaakisi bahari.

SHANGAZI: Kutoka hapa hadi bahari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara.

ATUPELE: Si kuna Ziwa Nyasa hapo chini?

SHANGAZI: Haya. Na Dodoma je? Kule anga linaakisi maji gani?

(Atupele ananyamaza.)

SHANGAZI: Mara nyingi ziwa ndilo linaloakisi anga. Siku ya mawingu hujaona Nyasa limekuwa la kijivu? Nenda kaniletee glasi ya maji, maziwa kidogo na simu yangu.

ONYESHO LA 2. Ndani ya jiko, mlango umefungwa, giza.

(Kwa mpiga picha: hapa tusikimbie. Mtoto akishaona rangi hizi kwa macho yake, maneno yote yanayofuata yatakuwa mepesi. Kamera isogee hadi glasi ijaze kioo, na tukae kimya sekunde tano kabla mtu hajasema neno.)

SHANGAZI: Washa tochi ya simu, uiweke ubavuni mwa glasi. Unaona rangi gani majini?

ATUPELE: Hakuna rangi. Maji tu.

SHANGAZI: Sasa tia maziwa matone matatu, ukoroge. Simama hapa pembeni.

ATUPELE: Yamekuwa… kama bluu bluu hivi!

SHANGAZI: Zunguka upande wa pili, uitazame tochi kupitia glasi.

ATUPELE: He! Huku ni njano, kama chungwa. Shangazi, maziwa si meupe?

SHANGAZI: Meupe kweli, na tochi nayo nyeupe. Ila mwanga mweupe ni rangi zote za upinde wa mvua zilizofungwa pamoja. Chembe ndogo za maziwa zinarusha bluu pembeni kuliko nyekundu. Ukisimama pembeni unaipata hiyo iliyorushwa, na ukisimama mbele unapata iliyobaki.

ATUPELE: Na juu angani nani kamwaga maziwa?

SHANGAZI: Hakuna. Kule kazi hiyo inafanywa na hewa yenyewe, molekuli za naitrojeni na oksijeni. Mwanga husafiri kama mawimbi. Wimbi la nyekundu ni refu, kama nanomita 700. La bluu ni fupi, kama 450. Nanomita moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni.

(Kwenye kioo yanatokea mawimbi mawili, jekundu refu na la bluu fupi, na chini yake: 1/λ⁴, ambapo λ ni urefu wa wimbi)

SHANGAZI: Mwanafizikia Mwingereza, Rayleigh, alieleza hesabu yake mwaka 1871. Ukikata urefu wa wimbi nusu, hewa inalitawanya mara 16 zaidi. Ndiyo maana bluu hutawanywa karibu mara sita kuliko nyekundu. Popote unapoinua macho, bluu inakujia kutoka kila upande.

ATUPELE: Lakini zambarau si ina wimbi fupi zaidi? Mbona anga si zambarau?

SHANGAZI: Swali zuri sana hilo! Zambarau inatawanywa kweli, tena zaidi. Ila jua linatoa kidogo kuliko bluu, na macho yetu hayaioni vizuri. Vyote vikichanganyika, jicho linasoma samawati.

ATUPELE: Na ukungu wa asubuhi, mbona mweupe?

SHANGAZI: Matone yake ya maji ni makubwa mno kuliko mawimbi yenyewe. Hayachagui, yanarusha rangi zote sawasawa.

(Picha: jua linazama, jekundu nyuma ya vilima.)

SHANGAZI: Jioni mwanga unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Bluu inakuwa imeshatawanywa njiani, tunabaki na chungwa na nyekundu.

ATUPELE: Kama nilipotazama tochi kupitia maziwa!

ONYESHO LA 3. Nje. Atupele anafungua mlango na kusimama ghafla. Moshi wa kuni unapenya kwenye paa na kupanda.

ATUPELE: Shangazi, njoo! Moshi hapo kwenye migomba ni wa bluu. Ukipanda juu, kwenye anga jeupe, unakuwa wa kahawia!

(Shangazi anaweka ungo chini, anatoka, anasimama naye. Wote wawili wanatazama juu. Kamera inafuata moshi mpaka unapotea.)